Ukuta wa Mawe Usiovimba Tumbo: Msingi na Ukuta wa Chini kwa Nyumba za Madogo

Yafuatayo ni maandishi ya mada kuhusu ujenzi wa msingi na ukuta wa mawe yasiyochongwa, iliyoandaliwa kwa wakazi na mafundi wa Madogo na vijiji vya jirani.



Kila anayeishi Madogo anaijua alama ya maji. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliikata barabara ya Garissa. Aprili 2024 maji yalirudi, barabara ikakatika tena, watu wakawa wanavushwa kwa boti, na boti moja ikazama na kuchukua roho za abiria. Maji yalipopungua, kila mtaa ulibaki na mstari wa matope ukutani. Mstari huo unaonyesha maji yalifika wapi, na ndio kipimo cha kwanza cha mtu anayejenga upya.

Wengi wamefikia uamuzi mmoja: sehemu ya chini ya nyumba ijengwe kwa mawe, kuanzia ndani ya ardhi mpaka juu ya alama ya maji, kisha juu yake ziendelee kuta za matofali, za mabati au za udongo na fito kulingana na uwezo wa mwenye nyumba. Uamuzi huo ni mzuri. Jiwe gumu halilainiki likikaa majini wiki mbili kama tofali la udongo linavyolainika. Lakini kuna kuta za mawe zilizoanguka huku mawe yenyewe yakiwa mazima kabisa. Mada hii inahusu sababu ya jambo hilo, na jinsi ya kulizuia.

UKUTA MMOJA AU KUTA MBILI?

Ukuta wa mawe yasiyochongwa huwa mnene, mara nyingi sentimita 40 au zaidi. Mawe mengi ni mafupi kuliko unene huo. Kwa hiyo fundi hupanga mstari wa mawe upande wa nje, hupanga mwingine upande wa ndani, halafu hujaza pengo la katikati kwa vipande vidogo na udongo wa saruji. Kwa macho ni ukuta mmoja. Ukiukata kama mkate, utaona kuta mbili nyembamba zilizosimama bega kwa bega, kila moja ikiwa na unene wa sentimita 15 hivi, na katikati kuna kifusi.

Kuta mbili za namna hiyo hazisaidiani. Uzito wa nyumba unapokandamiza kutoka juu, kifusi cha katikati husukuma pande zote mbili. Upande wa nje huanza kuvimba tumbo. Mwanzoni tumbo hilo halionekani kwa macho, lakini kamba ya timazi ikiteremshwa huligundua. Baada ya misimu miwili ya mvua linaonekana hata na mpita njia, na siku moja ngozi ya nje inamwagika chini huku ya ndani ikiwa bado imesimama. Aliyewahi kuona ukuta wa mawe ulioanguka upande mmoja tu ameona jambo hili hasa.

Hapa Madogo kuna nguvu nyingine inayoongeza msukumo. Ukuta wa chini unaoinua sakafu juu ya alama ya maji hubeba nyumba na pia huzuia udongo uliojazwa ndani. Mafuriko yanapoingia, udongo huo hulowa na kuwa mzito. Mto ukishuka haraka, maji ya nje yaliyokuwa yakiuegemeza ukuta huondoka, lakini maji ya ndani hubaki na kuusukuma kuelekea nje. Ndiyo sababu kuta nyingine hustahimili mafuriko yenyewe, kisha huanguka siku mbili tatu baada ya maji kuondoka, wakati wenyewe wameshaanza kurudisha vyombo ndani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Kwa ukuta wa mawe uliovimba, hata kuziba ufa hakusaidii. Plasta huficha tumbo lakini haiziunganishi zile kuta mbili. Dawa yake huwekwa siku ya kujenga.

JIWE LA KUFUNGA

Dawa hiyo ni jiwe refu linalolazwa kuvuka unene wa ukuta, kichwa kimoja kikitokea nje na kingine ndani. Katika mada hii litaitwa jiwe la kufunga. Kazi yake ni ile ya kifungo cha shati: huzishika pande mbili zisiachane.

Kwa ukuta wa sentimita 40, jiwe la kufunga liwe na urefu wa sentimita 40, na upana na kimo cha sentimita 20 hivi. Jiwe la ukubwa huo hufika kilo 40, kwa hiyo linahitaji watu wawili kulibeba. Hapo ndipo ujanja mbaya huanzia. Fundi aliyechoka, au anayelipwa kwa kila futi anayomaliza, hupenda kulipasua jiwe refu vipande viwili, kimoja akakiweka nje na kingine ndani. Ukuta unapanda haraka na unapendeza, lakini kifungo kimekatwa katikati.

Kanuni ya kupanga ni rahisi. Katika kila mstari wa kufunga, jiwe moja liwekwe kila baada ya mita moja. Mstari unaofuata uje sentimita 50 au 60 juu yake, na mawe yake yaangukie katikati ya yale ya chini, yasiwe juu yake moja kwa moja. Ukiutazama ukuta kwa mbele, vichwa vya mawe ya kufunga vionekane vikipishana kama macho ya wavu wa mvuvi. Kila eneo la mita moja kwa mita moja liwe na angalau kifungo kimoja, na kwenye pembe na kando ya mlango viongezwe.

Sehemu ya chini kabisa, ambayo ina upana wa sentimita 60, ni vigumu kupata jiwe la kuivuka yote. Jiwe la urefu huo lingekuwa na kilo 60 au zaidi. Hapo hutumika mawe mawili ya sentimita 40, moja likiingia kutoka nje na jingine kutoka ndani, yakilala ubavu kwa ubavu. Kila moja linafika theluthi mbili ya upana, na yanapishana kwa sentimita 20 katikati. Yakigusana vichwa tu bila kupishana, hayafungi chochote.

Mwenye nyumba anaweza kukagua hili bila kusomea ujenzi. Kabla ya kazi kuanza, mawe marefu yatengwe rundo lake na kupakwa alama ya chokaa kwenye vichwa vyote viwili. Jioni ahesabu alama zinazoonekana upande wa nje na zile za upande wa ndani. Kwenye ukuta wa sentimita 40 hesabu hizo mbili lazima zilingane. Zikitofautiana, kuna jiwe lililopasuliwa au lililoishia njiani, na ni rahisi kulitoa siku hiyo kabla saruji haijakauka.

KUPANGA KOZI

Mawe yasiyochongwa hayalingani kimo, kwa hiyo haiwezekani kupanga kila mstari ukawa sawa kama wa matofali. Lakini ukuta usiosawazishwa kabisa una hatari yake. Mawe yakilala mshazari, moja likiegemea jingine, uzito unaposhuka huyatelezesha. Njia ya katikati ni hii: fundi apange mawe makubwa na madogo kwa namna yanavyokubaliana, lakini kila kimo cha sentimita 30 mpaka 45 asawazishe ukuta mzima kwa kamba na pima maji. Kimo hicho ndicho kozi. Kila kozi huanza upya juu ya sehemu iliyonyooka, na makosa ya kozi ya chini hayapandi juu.

Kazi huanzia pembeni. Mawe ya pembe yawe makubwa kuliko yote na yawe na pande zilizonyooka. Yapangwe kwa kupokezana: la kwanza lielekee ukuta wa mbele, la pili juu yake lielekee ukuta wa ubavuni. Pembe mbili zikishasimama na kupimwa kwa timazi, kamba hufungwa kati yake na kozi hujazwa kwa kuifuata kamba.

Jiwe lilazwe chali, yaani upande wake mpana na bapa uwe chini. Jiwe lililosimamishwa wima hufunika eneo kubwa la ukuta kwa haraka na huvutia macho, lakini limekalia ukingo mwembamba na linasubiri msukumo tu. Kipimo cha haraka ni kwamba kimo cha jiwe kisizidi upana wake unaoingia ndani ya ukuta.

Viungio vya wima visifuatane. Kila jiwe likae juu ya kiungio cha mawe mawili ya chini, na lipite kila upande kwa upana wa kiganja, yaani sentimita 10 hivi. Viungio vitatu au vinne vikifuatana kwenda juu, ukuta umeshachorewa njia ya ufa. Mwenye nyumba asimame hatua tano nyuma na kuutazama ukuta. Jicho lake lisiweze kushuka kwenye mstari mmoja wa saruji kutoka juu mpaka chini bila kuzuiwa na jiwe.

KITANDA CHA SARUJI

Udongo wa saruji katika ukuta wa mawe ni kitanda cha kulalia jiwe zaidi ya kuwa gundi. Mawe mawili magumu yakigusana bila kitanda, hugusana kwenye ncha mbili tatu tu. Uzito wote hupita kwenye ncha hizo, na jiwe hutikisika au kupasuka. Kitanda kamili husambaza uzito sehemu yote.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Jiwe lisafishwe matope na kuloweshwa maji, maana jua la Madogo hulifanya lifyonze maji ya saruji papo hapo na kuacha unga usioshika. Saruji imwagwe kwanza, kisha jiwe lilazwe juu yake na kugongwa kwa nyundo mpaka lizame na saruji ichungulie pembeni. Saruji katikati ya mawe iwe na unene wa sentimita 2 hivi, na isizidi 4. Palipo na pengo kubwa zaidi, kipande cha jiwe kisukumwe ndani ya saruji. Kulijaza kwa saruji tupu ni kupoteza pesa, na saruji nene hunywea na kupasuka.

Kosa kubwa ni lile la kupanga mawe makavu kwanza, halafu kumwaga uji wa saruji kutoka juu ukitarajiwa kujipenyeza. Uji hukwama njiani. Nje ukuta hupakwa vizuri kwenye viungio, lakini ndani una mapango. Mafuriko yakija maji huingia humo, huosha vipande vya katikati, na ukuta hubaki ganda.

Mapango hayo yanaweza kutambuliwa. Siku ya pili baada ya kujenga, ukuta ugongwe kwa nyundo ndogo sehemu mbalimbali. Palipojaa hutoa sauti ngumu, na penye pango husikika kama debe. Njia nyingine ni kusukuma waya mgumu kwenye kiungio saruji ikiwa bado mbichi. Ukizama urefu wa kiganja bila kizuizi, ndani ni patupu. Njia ya tatu ni kumwaga ndoo ya maji juu ya kozi iliyomalizika. Maji yakikaa na kufyonzwa taratibu, hakuna tatizo. Yakipotea ghafla na kutokea chini pembeni, ukuta ufunguliwe hapo.

Mchanganyiko unaofaa ni sehemu moja ya saruji kwa sehemu tano za mchanga. Mfuko wa kilo 50 una lita 35 hivi, kwa hiyo unakwenda na mchanga wa lita 175, ambao ni karibu ndoo tisa za lita 20. Kipimo kiwe ndoo, maana koleo la asubuhi na koleo la saa tisa mchana havibebi sawa. Uchanganywe ule tu utakaotumika ndani ya saa moja. Ulioanza kuganda hauamshwi kwa kuongezewa maji.

Mchanga wa lagani na wa mtoni unapatikana karibu, lakini baada ya mafuriko huja na tope laini. Tope hulifunika kila punje, na saruji hushika tope badala ya mchanga. Kipimo chake ni chupa ya plastiki inayopitisha mwanga. Tia mchanga kimo cha sentimita 10, jaza maji, ongeza kijiko cha chumvi, tikisa kwa nguvu na uiache saa tatu. Mchanga utatulia chini, na tope litakaa juu yake kama mstari wa rangi nyingine. Tope likizidi milimita 8, mchanga huo uoshwe au utafutwe mwingine. Chumvi ni ya kwenye chupa tu, isiingie kwenye saruji ya kujengea. Maji ya mto nayo yaachwe yatulie kwenye pipa usiku kucha, na yachotwe ya juu. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi yasitumike, kwani baadaye chumvi hutokea ukutani na kumenya saruji.

Ukuta usipandishwe zaidi ya sentimita 60 kwa siku. Saruji ya chini bado ni laini, na ikibebeshwa mzigo mkubwa hujiminya na kuufanya ukuta uvimbe hata kabla nyumba haijaezekwa. Kwa siku saba ukuta ufunikwe magunia na kumwagiwa maji asubuhi, mchana na jioni. Kwa joto la hapa, ukuta usiomwagiwa maji hukauka kabla haujawa mgumu, na saruji yake hukwangulika kwa kucha.

MAWE YA KUCHAGUA

Mawe magumu, kama ya vilima vya upande wa Mwingi kando ya barabara ya kwenda Thika, yanafaa sana. Mawe ya duara kutoka mtoni ni magumu pia, lakini hulala kama mayai juu ya mayai. Yapasuliwe kwanza yapate upande bapa. Jiwe zuri likigongwa kwa nyundo hulia kwa sauti kali, na bovu hutoa sauti iliyokufa. Mwenye shaka aloweke mawe matatu kwenye maji siku nzima. Likitoka linamomonyoka au linaachana matabaka, lisiingie msingini.

Wakazi wa kaunti hii wana mfano wa zamani karibu na Kipini. Magofu ya mji wa Ungwana, yenye misikiti na makaburi, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yasiyolingana, yakalazwa kwenye chokaa. Mji huo uliachwa karne kadhaa zilizopita, na sehemu za kuta zake bado zimesimama. Waashi wake hawakuwa na saruji ya viwandani. Walikuwa na mawe hafifu kuliko haya ya bara, wakayajengea kuta nene na kuyajaza chokaa.

NYUMBA MOJA KWA HESABU

Tuchukue nyumba ya vyumba viwili yenye urefu wa mita 6.4 na upana wa mita 4.4 kwa nje, na ukuta mmoja wa kugawa katikati. Alama ya maji kwenye kiwanja chake ni sentimita 45 kutoka ardhini. Mwenyewe anaongeza sentimita 15 za tahadhari, kwa hiyo ukuta wa mawe utapanda sentimita 60 juu ya ardhi.

Mtaro unachimbwa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 90, au zaidi kama ardhi ngumu haijafikiwa. Penye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha, mtaro uendelee mpaka udongo huo uishe, na pakiwa na shaka mtaalamu aitwe apaone kabla ya jiwe la kwanza. Kina kina sababu nyingine pia. Maji yaendayo kasi huchimba ardhi kando ya ukuta, na msingi ulioishia sentimita 30 hubaki ukining'inia.

Chini kabisa humwagwa zege ya kusawazisha ya sentimita 5. Juu yake hujengwa mawe ya upana wa sentimita 60 kwa kimo cha sentimita 45. Kisha ukuta hupunguzwa kuwa sentimita 40 na kupanda mita moja: sentimita 40 ndani ya ardhi na 60 juu yake.

Urefu wa kuta zote ukijumlishwa, pamoja na ule wa kugawa, ni karibu mita 23.5. Sehemu pana ya chini inachukua mita za ujazo 6.3, na ukuta wa juu 9.4. Jumla ni karibu mita za ujazo 16. Kwa kuwa mengine huvunjika na mengine hukataliwa, aagize mawe mita za ujazo 18 au 19. Saruji na mchanga huchukua kama theluthi moja ya ukuta, yaani mita za ujazo 5 na kidogo. Hiyo ni mifuko 32 hivi ya saruji, na mitatu zaidi kwa zege ya chini, pamoja na mchanga mita za ujazo 6 au 7. Fundi akisema mifuko 15 inatosha, basi ama atapunguza saruji kwenye mchanganyiko au ataacha mapango. Akisema 60, mapengo yake ni makubwa na hataki kutumia vipande vya mawe.

Mawe ya kufunga nayo yahesabiwe. Sehemu pana ina mstari mmoja wa jozi 24, yaani mawe 48. Ukuta wa juu una mistari miwili, kila mmoja una mawe 24, yaani mengine 48. Yote ni mawe 96 ya urefu wa sentimita 40. Aagize 105 kwa ajili ya pembe na yatakayovunjika. Hesabu hii iandikwe kwenye makubaliano na mwenye lori na pia na fundi. Lori likileta mawe mafupi matupu, hakuna fundi duniani anayeweza kufunga ukuta huo.

Ukuta ukimaliza siku zake za kumwagiwa maji, ndani hujazwa udongo mwekundu wa kichanga kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa. Udongo mweusi usitumike. Wakati wa kujenga, vipande vya bomba la sentimita 5 viachwe ukutani karibu na usawa wa ardhi kila baada ya mita moja na nusu, vikiinamia nje kidogo, na kokoto ziwekwe nyuma yake upande wa ndani. Mto ukishuka, maji yaliyonaswa chini ya sakafu hutokea hapo badala ya kuusukuma ukuta. Juu ya kozi ya mwisho hulazwa karatasi nzito ya kuzuia unyevu, kisha ndipo kuta za juu huanza.

MIPAKA YAKE

Ukuta huu hustahimili maji yanayopanda taratibu, yakakaa, yakaondoka. Haushindani na mto uliobadili njia wala laga inayoshuka kwa kasi. Nyumba iliyojengwa ndani ya laga itachimbwa chini hata kama mawe yake yamefungwa sawasawa, na hakuna kina cha mtaro kinachobadilisha jambo hilo. Pia alama ya maji ya 2024 ni ya mafuriko yaliyopita. Mafuriko yajayo yanaweza kuipita, na watu na mifugo watahitaji kuhama mapema hata kama sakafu imeinuliwa.

Kwa nyumba ambazo tayari zina ukuta wa mawe, ukaguzi wa kwanza ni wa kamba yenye uzito mwishoni. Iteremshwe kutoka juu ya ukuta, kila baada ya hatua mbili. Ukuta ukitokeza katikati kwa upana wa vidole viwili, na ukisikika kama debe ukigongwa, sehemu hiyo imeachana. Paa liegemezwe kwa nguzo, sehemu hiyo ibomolewe kipande kwa kipande cha mita moja, na ijengwe upya kwa mawe ya kufunga. Mawe ni yale yale, hayahitaji kununuliwa mara ya pili. Gharama ni saruji, mawe marefu machache na siku za fundi, nayo ni ndogo kuliko gharama ya ukuta ulioangukia watu usiku.